Ulikaji wa galvani kwenye paa

Ulikaji wa galvani ni aina ya ulikaji inayotokea pale metali mbili tofauti zinapogusana huku zikiwa zimelowa maji. Metali moja huliwa haraka kuliko ilivyozoea, na nyingine hulindwa. Kwenye paa la nyumba metali zinazohusika mara nyingi ni nne: alumini, zinki, feleji na shaba. Zinki haionekani kama kipande cha peke yake, bali kama utando mwembamba unaofunika bati la feleji.

Makala hii inaeleza jinsi ulikaji huo unavyofanya kazi, metali zipi zinaweza kukaa pamoja kwa usalama, na jinsi ya kutambua na kuzuia uharibifu. Mifano imechukuliwa katika mazingira ya Kinyangiri, kata ya Wilaya ya Mkalama katika Mkoa wa Singida nchini Tanzania, ambako nyumba nyingi zimeezekwa kwa bati na paneli za sola zimefungwa juu ya bati hizo.

## Masharti matatu

Ulikaji wa galvani unahitaji mambo matatu kwa wakati mmoja. Kwanza, ziwepo metali mbili zenye tabia tofauti ya kutoa elektroni. Pili, metali hizo ziunganishwe kwa njia inayopitisha umeme, ama kwa kugusana moja kwa moja, ama kwa kupitia msumari, skrubu au waya. Tatu, pawepo na maji yanayozigusa zote mbili. Maji hayo huitwa elektroliti, kwa sababu hubeba ioni kutoka metali moja hadi nyingine.

Likikosekana jambo moja tu kati ya hayo matatu, ulikaji huu hausogei. Njia zote za kuuzuia zinatokana na kanuni hiyo: ama unachagua metali zinazofanana, ama unazitenganisha, ama unahakikisha mahali pa mgusano hapakai maji.

Metali inayotoa elektroni huitwa anodi, na ndiyo inayoliwa. Metali inayopokea huitwa kathodi. Bati lenye zinki likiguswa na shaba wakati wa mvua, zinki huwa anodi na kuyeyuka ndani ya maji:

Zn → Zn²⁺ + 2e⁻

Elektroni hizo hupita ndani ya metali hadi kwenye shaba. Huko hutumiwa na oksijeni iliyoyeyuka katika maji:

O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻

Shaba yenyewe haipotezi kitu. Kazi yake ni kutoa uso ambao oksijeni inaweza kupokea elektroni. Kwa sababu hiyo ukubwa wa uso huo una maana sana, kama itakavyoelezwa hapa chini.

## Historia fupi

Jina la ulikaji huu linatokana na Luigi Galvani, mganga wa Bologna nchini Italia, aliyechapisha mwaka 1791 uchunguzi wake juu ya miguu ya vyura iliyoshtuka ilipoguswa na metali mbili tofauti. Mwaka 1800 Alessandro Volta alionyesha kwamba umeme ulitokana na metali zenyewe, si na chura, akapanga sahani za zinki na fedha kuwa betri ya kwanza. Paa lenye metali mbili zilizolowa ni betri ya namna hiyo hiyo, ila haina mtu anayeitumia.

Uharibifu wenyewe ulikuwa umeonekana kabla ya kupewa jina. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza lilifunika sehemu ya chini ya manowari Alarm kwa sahani za shaba ili kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Ilipokaguliwa mwaka 1763, misumari ya chuma iliyogusa shaba ilikuwa imeoza. Lakini pale ambapo karatasi iliyofungia shaba ilikuwa imebaki kati ya metali hizo mbili, chuma kilikuwa kizima. Karatasi hiyo ilikuwa imekata njia ya umeme.

Mwaka 1837 Stanislas Sorel alipata hataza nchini Ufaransa ya kufunika chuma kwa zinki iliyoyeyushwa. Hapo athari ya galvani ilitumiwa kwa faida, na huo ndio msingi wa bati la kawaida hadi leo.

## Metali zinazopatikana kwenye paa

*Bati la zinki* ni feleji nyembamba iliyochovywa katika zinki iliyoyeyushwa. Unene wa zinki huandikwa kwa herufi Z na namba. Z275 maana yake ni gramu 275 za zinki kwa kila mita ya mraba ya bati, ukijumlisha pande zote mbili. Kila upande hupata karibu mikroni 19. Bati la Z100 lina karibu mikroni 7 tu kwa kila upande. Geji ya bati (28, 30 au 32) haielezi jambo hili. Geji ni unene wa bati lenyewe, na bati mbili za geji moja zinaweza kutofautiana sana kwa kiasi cha zinki.

*Bati la alumini na zinki* hufunikwa kwa mchanganyiko wenye alumini asilimia 55, zinki asilimia 43.4 na silikoni asilimia 1.6 kwa uzito. Alama yake ni AZ. AZ150 ina gramu 150 kwa mita ya mraba, pande zote mbili. Bati nyingi za rangi zinazouzwa Afrika Mashariki zina utando wa aina hii chini ya rangi.

*Alumini* tupu huonekana katika fremu za paneli za sola, reli zinazozishikilia, na mara nyingine katika bati na gata.

*Feleji isiyofunikwa* hupatikana katika nondo, mabomba ya antena, mabano yaliyochomelewa na fundi na kingo za bati zilizokatwa. *Stenlesi* ni feleji yenye kromi, na mara nyingi hutumika katika boliti na skrubu.

*Shaba* huletwa juu ya paa na nyaya za ethi, kinga ya radi, mabomba ya hita ya maji ya sola na mabomba ya viyoyozi. Karibu kila mara shaba hufika baada ya paa kumalizika, ikiletwa na fundi mwingine asiye mwezekaji. Hiyo ndiyo sababu tatizo hili hutokea hata kwenye paa lililoezekwa vizuri.

## Mpangilio wa metali

Metali hupangwa kuanzia ile inayoliwa kwa urahisi hadi ile inayolindwa. Katika maji ya chumvi mpangilio wa metali za paa ni huu:

1. Zinki
2. Alumini
3. Feleji ya kawaida
4. Risasi
5. Shaba
6. Stenlesi

Metali ikiguswa na ile iliyo chini yake katika orodha, yenyewe ndiyo inayoliwa. Kadiri zinavyokuwa mbali, ndivyo nguvu ya kuisukuma inavyozidi. Kati ya zinki na alumini kuna tofauti ya karibu robo volti, na kati ya zinki na shaba kuna karibu volti 0.7. Mafundi wengi hufuata kanuni kwamba tofauti isiyozidi volti 0.25 inavumilika katika mazingira ya kawaida, na volti 0.15 katika mazingira makali kama karibu na bahari.

Mwanafunzi anayejua jedwali la kemia anaweza kushangaa kwamba alumini imewekwa baada ya zinki, kwani katika jedwali la volti sanifu alumini ina −1.66 na zinki −0.76. Sababu ni kwamba alumini hujifunika mara moja kwa utando mgumu wa oksidi. Utando huo huifanya iwe na tabia tulivu kuliko namba yake inavyoonyesha. Unapotobolewa, hasa na chumvi au na shaba iliyoyeyuka, alumini huanza kuliwa kwa vishimo vidogo vyenye kina badala ya kupungua sawasawa.

Orodha hii pekee haitoshi kuamua kama jozi fulani ni salama. Mambo mengine matatu hubadilisha matokeo: ukubwa wa nyuso, mwelekeo wa maji, na muda ambao paa hubaki limelowa.

## Ukubwa wa nyuso

Kwa kuwa kathodi ni mahali ambapo oksijeni hupokea elektroni, kathodi kubwa huvuta mkondo mkubwa. Mkondo huo ukitoka kwenye anodi ndogo, anodi hiyo huisha haraka.

Skrubu ndogo ya stenlesi katika bati pana la alumini haileti madhara makubwa katika sehemu zisizo na chumvi, ingawa stenlesi na alumini ziko mbali katika orodha. Kathodi ni ndogo, na hasara inagawanywa juu ya eneo kubwa la alumini. Geuza mambo: msumari wa zinki uliopigiliwa katika bati la shaba hupoteza zinki yake, kisha chuma chake, na bati hubaki bila cha kulishikilia.

Kanuni inayotokana na jambo hilo ni kwamba kifungio kiwe sawa na bati au kiwe cha chini zaidi katika orodha, na kisiwe cha juu zaidi.

Kanuni hiyo ina matokeo yasiyotarajiwa kuhusu rangi. Mtu anayetaka kulinda mgusano wa alumini na feleji hupaka rangi ile inayoliwa, yaani alumini. Rangi ikikwaruzika, mkwaruzo huo mdogo hugeuka kuwa anodi ndogo iliyozungukwa na kathodi kubwa, na shimo hupatikana hapo upesi. Afadhali kupaka zote mbili. Kama ni moja tu, ipakwe kathodi.

## Mwelekeo wa maji

Shaba ina madhara hata isipogusa bati. Maji ya mvua yakipita juu ya shaba huyeyusha kiasi kidogo sana cha ioni zake. Yanapodondoka juu ya zinki, shaba hutoka ndani ya maji na kuganda juu ya bati, huku zinki ikichukua nafasi yake ndani ya maji:

Cu²⁺ + Zn → Cu + Zn²⁺

Kila chembe ya shaba iliyoganda sasa ni kathodi ndogo inayogusa zinki moja kwa moja. Ulikaji wa galvani huendelea hapo kila bati linapolowa, hata kama bomba la shaba limeinuliwa kwa mabano ya plastiki sentimita tano juu ya bati. Jambo hilo hilo hutokea kwa alumini na kwa utando wa AZ.

Kwa hiyo shaba isiwekwe juu ya zinki au alumini katika mteremko wa paa. Kinyume chake kinawezekana: maji yanayotoka kwenye bati la zinki na kupita juu ya shaba iliyo chini hayadhuru shaba.

Kuna athari nyingine ya mwelekeo wa maji ambayo mara nyingi huchanganywa na ulikaji wa galvani. Bati jipya la rangi au la AZ likiwekwa juu ya gata kuukuu la zinki, gata huanza kuisha kwenye mistari inayolingana na mabonde ya bati. Zamani maji yalichukua zinki kidogo kidogo kutoka paa zima. Sasa yanafika kwenye gata bila kitu, na zinki yote yanayoweza kuyeyusha inatoka mahali yanapodondokea. Hapa hakuna mkondo wa umeme kati ya metali mbili. Tiba yake ni kupaka gata rangi kwa ndani au kulibadilisha liwe la aina moja na bati.

## Muda wa kulowa: Singida na pwani

Mkoa wa Singida ni nusu kame. Mvua hunyesha katika msimu mmoja, takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na miezi inayobaki ni mikavu. Paa la Kinyangiri kwa hiyo hukaa kavu sehemu kubwa ya mwaka, na ulikaji wa galvani hulala. Mvua ikisimama, jua hukausha bati kwa muda mfupi. Maji ya mvua yenyewe yana chumvi kidogo, hivyo hupitisha umeme kwa shida, na uharibifu hukaa karibu sana na mahali pa mgusano, mara nyingi ndani ya sentimita moja au mbili.

Hali ya Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar ni tofauti. Upepo wa bahari huacha chumvi juu ya bati, na chumvi hunyonya unyevu wa hewa hata bila mvua. Elektroliti huwapo usiku na mchana, hupitisha umeme vizuri, na uharibifu huenea mbali zaidi na mgusano. Jozi inayodumu miaka mingi Kinyangiri inaweza kushindwa mapema huko.

Hata hivyo ukavu wa bara una vighairi vyake. Majani na vumbi vilivyorundikana nyuma ya bano la paneli hubaki vimelowa siku nzima baada ya mvua. Bati lililo juu ya jiko hupata mvuke na moshi kwa chini kila siku. Na karibu na maziwa yenye chumvi, kama Singidani katika mji wa Singida, vumbi linaweza kubeba chumvi hadi juu ya paa. Mahali hapo pahesabiwe kama pwani, hata kama paa lililobaki ni kavu.

## Jozi salama na jozi za kuepuka

Jedwali hili linahusu mgusano wa moja kwa moja katika hewa ya bara isiyo na chumvi nyingi.

| Jozi | Hali | Maelezo |
|---|---|---|
| Alumini na bati la zinki | Salama | Fremu na reli za sola zinaweza kufungwa juu ya bati la zinki |
| Alumini na bati la AZ | Salama | Tabia zao zinakaribiana |
| Bati la zinki na bati la AZ | Salama | Angalia mwelekeo wa maji, AZ isimwage juu ya zinki isiyopakwa rangi |
| Skrubu ya stenlesi katika alumini | Inakubalika | Kathodi ni ndogo. Tumia washa ya mpira. Pwani pawe na uangalifu |
| Feleji tupu na alumini | Epuka | Tofauti ya volti ni ndogo, lakini kutu ya feleji hushika maji na kuchafua alumini. Paka rangi au tenganisha |
| Feleji tupu na bati la zinki | Epuka | Zinki huisha ikilinda feleji hiyo |
| Risasi na alumini au AZ | Epuka | Risasi ya kuzibia maungio isitumike na bati hizi |
| Shaba na zinki, AZ au alumini | Hapana | Wala mgusano, wala maji yanayodondoka |
| Shaba na stenlesi | Salama | Boliti za stenlesi hufaa kufunga shaba |

Kwa ufupi, alumini, zinki na AZ ni familia moja. Feleji tupu inaweza kuingia katika familia hiyo ikiwa imefunikwa. Shaba haiingii.

Inafaa kukumbuka kwamba bati la zinki lenyewe ni jozi ya zinki na feleji, na hapo mgusano unatakiwa. Bati linapokatwa au kukwaruzwa, zinki iliyo kando hujitoa ili kulinda feleji iliyoachwa wazi, maadamu pengo ni dogo, la milimita chache. Ndiyo maana ukingo uliokatwa haupati kutu nyekundu mara moja. Zinki ikishaisha pande zote za ukingo, ulinzi huo hukoma.

## Mfano: waya wa ethi wa sola

Mfano ufuatao umetungwa kwa hesabu, lakini vifaa vyake ni vya kawaida katika nyumba za vijijini zenye sola.

Nyumba moja Kinyangiri imeezekwa kwa bati la Z100. Juu yake kuna paneli mbili zenye fremu za alumini. Fundi wa sola amefunga waya mtupu wa shaba kwenye fremu kwa boliti, akaulaza waya huo juu ya bati kwa mita 3 hadi ukingo wa paa, kisha akaushusha hadi kwenye nondo ya ethi iliyo ardhini. Waya unafanya kazi muhimu: hitilafu ikitokea katika nyaya, hulinda watu wasipigwe na umeme wanaposhika fremu au bati. Tatizo ni njia uliyopitia.

Tuchukulie kwamba wakati wa mvua waya huo unavuta mkondo wa miliampea 2 kutoka kwenye zinki iliyo kando yake, na kwamba paa hulowa saa 500 kwa msimu. Miliampea 2 kwa saa 500 ni ampea-saa 1. Kwa sheria ya Faraday, ampea-saa moja huyeyusha gramu 1.22 za zinki.

Sasa tuangalie zinki iliyopo. Kwa kuwa maji ya mvua hupitisha umeme kwa shida, uharibifu unakaa katika ukanda wa sentimita 1 kila upande wa waya, yaani upana wa sentimita 2 kwa urefu wa mita 3. Eneo hilo ni sentimita za mraba 600. Upande wa juu wa bati la Z100 una gramu 50 kwa mita ya mraba, hivyo ukanda huo una gramu 3 tu. Gramu 3 zikigawanywa kwa 1.22 hupatikana misimu kama miwili na nusu. Kwa bati la Z275 ukanda huo ungekuwa na gramu 8.25, na ungedumu karibu misimu saba.

Linganisha na sehemu nyingine ya paa. Katika hewa kavu ya bara zinki hupungua kwa kawaida chini ya mikroni moja kwa mwaka. Kwa kupungua mikroni 0.7 kila mwaka, mikroni 7 za Z100 zingedumu miaka 10. Paa hilo lingekuwa zima kila mahali, isipokuwa mstari mmoja wa kutu nyekundu unaofuata waya kuanzia msimu wa tatu. Baada ya hapo matundu huanza, na maji huingia juu ya papi na dari. Mkondo halisi unaweza kuwa mdogo au mkubwa kuliko ule tuliouchukua, lakini mtiririko wa hesabu haubadiliki.

Upande wa juu wa waya kuna hatari ya pili isiyoonekana. Mahali shaba inapogusa fremu ya alumini, alumini huliwa chini ya boliti na unga mweupe hujaa katikati. Unga huo haupitishi umeme. Waya unaonekana umefungwa, lakini ethi haifanyi kazi tena. Uvujaji huonekana na hulalamikiwa. Ethi iliyokatika haijulikani mpaka siku ya hitilafu.

### Marekebisho

Kuondoa waya wa ethi si suluhisho. Njia sahihi ni kubadilisha njia yake na maungio yake:

* Tumia waya wa shaba wenye ganda la plastiki linalostahimili jua, uliopitishwa pembeni mwa paneli na kushushwa kwa njia fupi. Ganda huzuia mgusano na pia huzuia maji yasiguse shaba.
* Kwenye fremu ya alumini tumia kichwa cha waya kilichopakwa bati jeupe, boliti na washa za stenlesi. Washa yenye meno hukwaruza oksidi ya alumini ili umeme upite.
* Weka ungio mahali ambapo maji hutoka haraka, na ncha tupu ya waya ielekee chini na izibwe.
* Kama ni lazima kondakta awe mtupu, kwa mfano kinga ya radi, juu ya bati itumike alumini. Ibadilishwe kuwa shaba ukutani, chini ya ukingo wa paa, kwa kiungo maalumu cha metali mbili. Alumini isizikwe ardhini.
* Bati ambalo tayari lina mstari mweusi lisuguliwe ili kuondoa shaba iliyoganda kabla ya kupakwa rangi. Rangi ikipakwa juu ya shaba hiyo, ulikaji huendelea chini yake.

## Mbao zilizotiwa dawa

Shaba inaweza kufika kwenye paa bila kuonekana kama metali. Mbao za kenchi na papi zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa mara nyingi huwa na rangi ya kijani, na kijani hicho hutokana na chumvi za shaba. Mbao zikiwa kavu dawa imeshikana na nyuzi za mti, na hatari ni ndogo. Zikipigiliwa bado mbichi kutoka kwenye dawa, au zikilowa kwa sababu paa linavuja, shaba huyeyuka na kufika kwenye upande wa chini wa bati na kwenye misumari.

Dalili yake ni kutu inayofuata mistari ya papi kutoka chini, huku upande wa juu wa bati ukiwa mzima. Kinga ni kuacha mbao zikauke kabisa kabla ya kuezeka, na kuweka ukanda wa karatasi ya lami au plastiki nzito kati ya papi na bati. Alumini na AZ huathirika zaidi, kwa hiyo ukanda huo usikosekane zinapotumika. Misumari na skrubu ziwe na zinki nene.

## Jinsi ya kutambua

Uzee wa kawaida wa bati huenea sawasawa. Ulikaji wa galvani hukaa mahali pamoja: kando ya mgusano, au katika mstari unaoshuka chini yake kufuata maji. Rangi ya mabaki husaidia kutambua metali inayoliwa. Unga mweupe juu ya bati la zinki ni zinki inayoisha. Unga mweupe wenye vishimo chini yake ni wa alumini. Madoa ya kahawia iliyoiva au meusi chini ya shaba ni shaba iliyoganda. Kutu nyekundu maana yake feleji imeshafikiwa.

Kuna uharibifu mwingine unaofanana na huu lakini hautokani na jozi ya metali. Vidoadoa vingi vya kutu vilivyotawanyika karibu na mahali bati lilipokatwa ni chembe za feleji zilizorushwa na mashine ya kukatia. Husuguliwa na kufagiwa siku ile ile ya kazi. Alumini au AZ iliyoliwa mahali inapokutana na ukuta imeunguzwa na saruji mbichi, ambayo ni alkali kali. Na unga mweupe kati ya bati zilizolundikwa ghalani hutokana na maji yaliyonaswa katikati kabla bati hazijaezekwa.

Wakati mzuri wa kukagua ni mwisho wa mvua, karibu mwezi Mei, na tena kabla ya mvua za kwanza. Kinachotafutwa ni vitu vichache: kila mahali penye waya au bomba la shaba, kila bano la feleji lililoongezwa baada ya kuezeka, takataka zilizokusanyika nyuma ya paneli, na kila ungio wa ethi. Ungio huo ufunguliwe, usafishwe na kupimwa kwa mita, kwa kuwa macho peke yake hayawezi kuona kama umeme unapita.